Namna ya Kumjibu Karani wa Sensa Bila Kujipinga

Dodoso la kaya halimkamati mtu kwenye swali la kwanza. Linamkamata kwenye swali la arobaini, pale jibu la sasa linapokutana na jibu la mwanzo, na yote mawili yakakataa kukaa nyumba moja. Hapo ndipo karani anapoinua macho kutoka kwenye kishikwambi na kusema kwa upole, "Samahani mama, hebu turudi nyuma kidogo." Mama anamtazama baba, baba anatazama dari.

Mara nyingi hakuna aliyedanganya. Kilichotokea ni kwamba kila swali lilijibiwa kwa maana yake. Swali la watu wa nyumbani lilijibiwa kwa mapenzi, la umri kwa heshima, la kazi kwa unyenyekevu, na la watoto kwa uchungu. Ukiyaweka pamoja, unapata kaya isiyokuwapo popote duniani. Mwongozo huu ni wa kumsaidia mtu mwaminifu asijipinge bila kukusudia.

Mfano wetu ni Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 nchini Tanzania, ya kwanza nchini kukusanywa kwa vishikwambi badala ya makaratasi, iliyohesabu watu 61,741,120. Sensa huja kila baada ya miaka kumi, lakini wadadisi wa tafiti za kaya hubisha hodi katikati ya sensa na sensa wakiwa na maswali ya ukoo huohuo, wakati mwingine marefu zaidi. Kwa hiyo ujuzi huu haupaswi kuwekwa kabatini.

Tuchukue kaya ya kubuni pale Mbagala, Dar es Salaam. Baba ni mlinzi wa usiku. Mama anakaanga vitumbua barazani. Wana watoto wanne walio hai: kijana wa miaka 24 anayeendesha bodaboda Mwanza, binti wa miaka 22 aliye nyumbani, binti wa miaka 18 anayekaa kwa shangazi yake Arusha, na mvulana wa miaka 14 aliye nyumbani. Bibi, mama mzazi wa mama, amekuja kutoka Lushoto kutibiwa macho. Chumba cha uani kina mpangaji anayejipikia mwenyewe.

Hatua ya kwanza: Kubalianeni ni usiku upi

Karani anapouliza, "Kaya hii ina watu wangapi?", baba hujibu haraka: "Saba." Amejihesabu yeye, mkewe, watoto wote wanne na mama mkwe wake. Kama baba wa familia, amesema kweli. Lakini swali la sensa halihusu familia. Linahusu usiku mmoja: usiku wa kuamkia Siku ya Sensa, ambayo mwaka 2022 ilikuwa tarehe 23 Agosti. Anayeandikwa ni yule aliyelala katika kaya hiyo usiku huo.

Kwa kipimo hicho, kijana wa Mwanza haandikwi Mbagala. Anaandikwa kule alikolala, na akiandikwa pia kwa baba yake, Tanzania itakuwa imejiongezea dereva wa bodaboda ambaye hayupo. Vivyo hivyo binti wa Arusha ni wa kaya ya shangazi yake kwa usiku huo. Bibi, ambaye kwake ni Lushoto na nguo zake nyingi ziko Lushoto, anaandikwa Mbagala kwa sababu ndiko alikolala. Wale waliobaki Lushoto hawamtaji. Mpangaji ni kaya nyingine kabisa, kwa kuwa kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula pamoja. Kupanga chini ya paa moja hakutoshi.

Na baba mwenyewe? Usiku ule alikuwa lindoni, hakulala nyumbani. Watu wa zamu ya usiku, kama walinzi na wauguzi, huandikwa nyumbani kwao, kwa sababu kama isingekuwa kazi wangelala hapo. Kwa hiyo jibu ni watano: baba, mama, binti wa miaka 22, mvulana wa miaka 14, na bibi.

Usiku huo una mpaka wake, nao ni saa sita kamili. Mtoto wa jirani aliyezaliwa saa nane usiku, baada ya mpaka kupita, haandikwi hata kama familia nzima inamshangilia karani anapofika. Mzee aliyekuwa hai saa sita akafariki alfajiri, anaandikwa miongoni mwa walio hai. Kanuni hii inaonekana ya ukatili siku ya msiba, lakini ndiyo inayozuia mtu asihesabiwe mara mbili au asihesabiwe kabisa.

Jambo linalovuruga hesabu hii ni kwamba karani hawezi kufika kila nyumba siku ileile. Anaweza kufika kwenu siku ya nne. Kufikia hapo bibi ameshapanda basi kurudi Lushoto, na kijana wa Mwanza amekuja likizo na amejilaza kwenye kochi sebuleni. Jibu halibadiliki. Bibi aliyekwishaondoka anaandikwa, kijana aliye mbele ya macho ya karani haandikwi. Ukijibu kwa kuangalia nani yuko sebuleni, umebadilisha usiku bila kujua, na majibu yote yatakayofuata yatakuwa ya siku mbili tofauti.

Baada ya orodha linakuja swali la uhusiano, nalo lina mtego mdogo. Kila mtu anaelezwa kwa uhusiano wake na mkuu wa kaya, si na yule anayejibu. Mama akisema, "Huyu bibi ni mama yangu," na karani mchovu akaandika "mama", basi kwenye kumbukumbu bibi amekuwa mama mzazi wa baba. Kaya hii imemtaja baba kuwa mkuu wake, kwa hiyo bibi ni mama mkwe. Kabla ya kujibu kila mstari, mama ajiulize: huyu ni nani kwa mume wangu? Wakikubaliana kwamba mkuu wa kaya ni mama, basi mume na wakwe wote wageuke naye, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho.

Hatua ya pili: Umri utoke kwenye kumbukumbu

Umri unaotakiwa ni miaka iliyotimia. Anayekaribia kutimiza miaka 43 mwezi ujao bado ana miaka 42, na mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja huandikwa sifuri. Sifuri hiyo huwaudhi wazazi wengi, lakini ni jibu kamili.

Tatizo kubwa la umri ni kupenda namba za mviringo. Watu wasio na uhakika hukimbilia 30, 40, 50 na 60, au 35 na 45. Watakwimu wakichora umri wa taifa zima kwenye mchoro, huona vilima vimesimama juu ya namba zinazoishia na 0 na 5, na mabonde pande zote mbili. Hakuna nchi ambayo wanawake wake huamua kuzaa kwa wingi kila baada ya miaka mitano, kwa hiyo vilima hivyo huonyesha kiasi cha kukisia kilichofanyika.

Dawa yake ni matukio. Karani akimuuliza bibi umri, bibi husema, "Andika sitini na tano, mwanangu, nimezeeka." Karani mzuri haandiki. Anauliza:

"Shikamoo bibi. Uhuru ulipopatikana, ulikuwa umezaliwa?"

"Marahaba. Nilikuwa mchanga kabisa. Mama aliniambia nilizaliwa mvua za vuli zimeanza, na bendera mpya haijapanda bado."

Hapo kuna umri. Uhuru wa Tanganyika ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Vuli huanza Oktoba. Bibi alizaliwa kati ya Oktoba na siku za mwanzo za Desemba 1961. Ukitoa 1961 kwenye 2022 unapata 61, na wengi huishia hapo. Lakini Siku ya Sensa ilikuwa Agosti, na vuli ya mwaka huo ilikuwa bado. Bibi ana miaka 60 iliyotimia. Angekuwa amezaliwa masika ya mwaka uleule, kati ya Machi na Mei, angekuwa na 61. Kwa hiyo hatua ni mbili: toa mwaka na mwaka, kisha uliza kama msimu wa kuzaliwa umeshapita. Kama haujapita, punguza mmoja.

Matukio mengine yanayosaidia ni Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, Muungano wa Aprili 1964, Azimio la Arusha la mwaka 1967, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, mvua za El Ninyo za 1997 na 1998, na kifo cha Mwalimu Nyerere cha Oktoba 1999. Kila familia ina lake pia: mwaka nyumba ilipoezekwa, au mwaka mtoto fulani alipoanza darasa la kwanza. Yaandikeni kabla karani hajaja.

Sasa tuje kwa mama. Ana miaka 42, lakini akiulizwa mbele ya majirani husema, "Andika thelathini na mbili." Karani anaandika. Dakika kumi baadaye anafika kwa binti wa miaka 22, mtoto wa mama huyo, na kishikwambi kinakataa kuendelea: mama amemzaa binti akiwa na miaka kumi. Programu ya kishikwambi ina makatazo ya aina mbili. Mengine yanauliza tu, "Una uhakika?", na karani akithibitisha yanapita. Mengine hayapiti mpaka kitu kirekebishwe.

Hapa ndipo kosa la pili huzaliwa ili kulinda la kwanza. Mama anasema, "Basi huyo binti mwandike kumi na sita." Kishikwambi kinatulia kwa muda. Kisha linakuja swali la elimu, na binti amemaliza kidato cha sita. Mtoto wa Tanzania anayeanza darasa la kwanza akiwa na miaka sita au saba hamalizi kidato cha sita akiwa na kumi na sita. Onyo lingine. Sasa ama elimu ya binti ipunguzwe, ama ukweli urudi. Na binti huyo ana mdogo wake wa miaka 18 Arusha ambaye, kwa hesabu mpya, amekuwa dada yake mkubwa.

Kanuni ya hatua hii ni moja: majibu mawili yakigongana, usibadilishe lile lililo karibu ili mashine inyamaze. Rudi utafute lile lisilo na kumbukumbu nyuma yake. Binti ana cheti cha kuzaliwa, ana cheti cha kidato cha sita. Thelathini na mbili ya mama haina chochote. Ndiyo irekebishwe, na mama akiona majirani wanasikiliza, ana haki ya kumwambia karani wahamie ndani.

Hatua ya tatu: Liogopeni neno "hapana"

Katika dodoso lenye maswali ya kuruka, "ndiyo" na "hapana" hazina uzito sawa. "Ndiyo" hufungua mlango wa maswali mengine. "Hapana" huufunga, na mtu anahamishiwa sehemu nyingine. Kwenye karatasi ungeona mshale unaosema nenda swali fulani, na ungeyaona maswali yaliyorukwa. Kwenye kishikwambi huyaoni. Programu inaleta swali linalofuata kana kwamba yale mengine hayajawahi kuwapo, na wewe unafurahi kwamba mahojiano yanaenda mbio. Ukiona hivyo, simama ujiulize ni hapana gani umeitoa.

Hapana inayopotosha kuliko zote ni ya kazi. Karani anamuuliza mama, "Katika siku saba zilizopita, ulifanya kazi yoyote ya malipo au ya kujipatia faida?" Mama anajibu, "Hapana mwanangu, mimi sifanyi kazi, niko tu nyumbani." Anasema hivyo akigeuza kitumbua. Alianza kukaanga saa kumi na moja alfajiri, ameshauza sahani mbili, na sufuria la unga uliochachuka liko miguuni kwake.

Tazama kinachofuata. Kwa sababu ya hapana ile, haulizwi alifanya kazi gani, kwa saa ngapi, wala kama amejiajiri. Anaulizwa kama alitafuta kazi. Anasema hakutafuta, na ni kweli, kwani angetafuta saa ngapi? Basi anawekwa miongoni mwa watu walio nje ya nguvu kazi ya taifa. Baadaye dodoso likifika kwenye chanzo cha mapato ya kaya, anasema kwa ujasiri kwamba ada ya mvulana inatoka kwenye vitumbua. Vitumbua vya nani, kama hapa hakuna anayevikaanga?

Kosa la mama ni kusikia "kazi" kama "ajira", kitu chenye ofisi na mshahara wa mwisho wa mwezi. Kipimo cha Shirika la Kazi Duniani ni kidogo zaidi: walau saa moja ya kazi ya malipo au faida ndani ya kipindi cha rejea, ambacho kwa kawaida ni siku saba. Kwa kipimo hicho, binti aliyesuka nywele za majirani wawili Jumamosi na kulipwa alifanya kazi, hata kama anajiita mtafuta ajira na anaendelea kupeleka barua za maombi. Biashara ya nyumbani inayoendeshwa na mtu wa familia bila kulipwa nayo ina nafasi yake kwenye dodoso. Kwa hiyo usijibu kwa cheo unachojipa. Rudisha siku saba kichwani, siku moja baada ya nyingine, kisha ujibu. Na sikiliza kipindi karani anachosoma, kwa sababu maswali ya ajira huweza kuwa ya siku saba huku ya vizazi na vifo yakiwa ya miezi kumi na miwili. Ukilitumia dirisha moja kujibia swali la dirisha jingine, jibu la kweli linakuwa kosa.

Hapana ya pili ni ya ulemavu. Karani anapofika kwa bibi, baba husema kwa niaba ya mkwe wake, "Hana ulemavu wowote, ni uzee tu." Lakini maswali ya kisasa hayaulizi kama mtu ni mlemavu. Yanauliza kama ana shida ya kuona hata akivaa miwani, shida ya kusikia, ya kutembea au kupanda ngazi, ya kukumbuka, ya kujihudumia, na ya kuwasiliana. Majibu yana daraja: hana shida, ana shida kiasi, ana shida kubwa, hawezi kabisa. Bibi ambaye hatambui sura ya mjukuu wake mpaka asikie sauti, na aliyesafiri kutoka Lushoto kwa ajili ya macho hayo, ana shida kubwa ya kuona. Chanzo chake kikiwa uzee au ugonjwa, jibu ni hilohilo. Na kwa kuwa bibi yupo, masikio yake ni mazima na akili yake ni timamu, aulizwe yeye.

Hapana ya tatu ni ile iliyotolewa badala ya "sijui". Mama anaulizwa kama mume wake alimaliza darasa la saba, naye baba amelala baada ya zamu. "Hapana" itafunga mlango, wakati ukweli ni kwamba mama hana uhakika. Mwamsheni baba. Kama hawezi kupatikana, "sijui" ni jibu halali lenye nafasi yake kwenye dodoso, na mtakwimu anajua la kufanya nalo. Hapana ya kukisia haitambuliki. Inafanana kabisa na hapana ya kweli.

Kwa dodoso la karatasi mnalojaza wenyewe, kuna nyongeza. Mshale ukikwambia uruke, maswali yaliyorukwa yaache matupu. Usiyajaze sifuri wala "hapana" ili karatasi ipendeze. Sifuri ni jibu, na jibu mahali pasipoulizwa ni mgongano mpya. Kinyume chake, swali lisilorukwa likiachwa tupu, hakuna atakayejua kama ulisahau au ulikataa.

Hatua ya nne: Hesabu ya watoto ijumlishwe kabla ya kutamkwa

Kwa mwanamke aliyefikia umri wa kuzaa, dodoso huuliza watoto wote aliowahi kuzaa wakiwa hai, kisha hugawa: wangapi wanaishi hapa, wangapi wanaishi kwingine, wangapi wamefariki. Sehemu hizo tatu lazima zijumlishwe kuwa jumla ya kwanza.

Mama wa Mbagala husema haraka, "Wanne." Wanaoishi hapa ni wawili, kwingine wawili, waliofariki hakuna. Hesabu imekaa, kishikwambi hakilalamiki. Lakini kati ya binti wa miaka 18 na mvulana wa miaka 14 kulikuwa na mtoto aliyeishi wiki tatu. Mama hamtaji kwa sababu hakuna anayemtaja tena nyumbani, na kwa sababu swali limeulizwa na mgeni mchana kweupe, vitumbua vikiwa jikoni. Jibu sahihi ni watano: wawili hapa, wawili kwingine, mmoja amefariki. Hata mtoto aliyelia mara moja akafa ndani ya saa hiyo anahesabiwa, kwa sababu alizaliwa hai. Aliyezaliwa akiwa amekwishafariki hahesabiwi katika swali hili.

Inafaa mama ajue jibu hilo linakwenda wapi. Mskoti William Brass, aliyefanya kazi katika idara ya takwimu ya Afrika Mashariki kati ya mwaka 1948 na 1955, alibuni njia ya kukadiria vifo vya watoto mahali ambapo vifo havisajiliwi. Njia hiyo haihitaji tarehe wala vyeti. Inahitaji umri wa mama, idadi ya watoto aliowazaa hai, na idadi ya waliofariki. Sehemu ya watoto waliofariki kwa akina mama wa kila rika hutumika kukadiria uwezekano wa mtoto kufa kabla ya kufikia umri fulani. Mtoto wa wiki tatu asipotajwa, anatoweka mara mbili: kwenye jumla na kwenye vifo. Wilaya yenye akina mama wengi walionyamaza itaonekana ni salama kwa watoto wachanga kuliko ilivyo. Na mama akiwa amepunguza umri wake kwa miaka kumi, hata mtoto huyo aliyetajwa atawekwa kwenye rika lisilo lake.

Hili ndilo kosa ambalo mashine haiwezi kulikamata, kwa kuwa majibu yote yanapatana. Kupatana si ushahidi wa ukweli. Kwa hiyo swali hili mama ajibu mwenyewe, faraghani, akiwataja watoto wake kichwani mmoja baada ya mwingine tangu wa kwanza, na kuhesabu vidole mwishoni.

Hatua ya tano: Jibu la wazi liandikwe kwa mtu asiyekujua

Baadhi ya maswali hayana orodha ya kuchagua. Yanataka maneno yako, na kishikwambi hakiendelei mpaka kitu kiandikwe. Maarufu ni lile la kazi na lile la shughuli ya mahali pa kazi. Maneno hayo baadaye hugeuzwa kuwa namba za orodha ya kazi, na anayeyageuza hajawahi kufika Mbagala.

Mama akiandikiwa "biashara", namba ni ipi? Katika orodha ya kimataifa ya kazi, ISCO-08, muuza bidhaa kwenye meza ya sokoni ni 5211, muuza vyakula mitaani ni 5212, mwenye duka ni 5221, na machinga anayetembeza vitu visivyo chakula ni 9520. Wote wanne hujiita wafanyabiashara. Jibu linalofaa lina vipande vinne: kitendo, kitu, mahali, na kwa nani. "Nakaanga na kuuza vitumbua barazani kwangu, nimejiajiri." Ni sentensi moja fupi, na anayeisoma ana vya kutosha kuchagua bila kukisia.

Kwa baba, "mlinzi" inatosha kwa kazi, lakini haitoshi kwa shughuli ya mahali pa kazi. Analinda kiwanda cha saruji. Kama ameajiriwa na kampuni ya ulinzi iliyompeleka pale, shughuli ya mwajiri wake ni ulinzi. Kama analipwa na kiwanda chenyewe, shughuli ni uzalishaji wa saruji. Ishara nzuri ni nani anayemlipa mshahara. Na kwa kuwa mama ndiye anayejibu, aulize hilo mapema.

Jibu la "nyingine, taja" nalo hutumika ovyo. Kabla ya kulichagua, mwombe karani asome orodha yote. Mwenye kuchota maji kwenye bomba la jirani hukimbilia "nyingine: kwa Mama fulani", ilhali orodha huwa na bomba lililo nje ya eneo la kaya. Jina la jirani halisemi chochote kuhusu maji. Ukiwa kweli huna nafasi kwenye orodha, taja kitu chenyewe, usitaje mwenye nacho. Alama za nukta, "kawaida", na "kama nilivyosema" zinafungua kishikwambi lakini baadaye husomwa kama ukurasa mtupu.

Hatua ya mwisho: Kabla kishikwambi hakijafungwa

Kabla karani hajaondoka, mwombe akusomee vitu vitano tu: idadi ya watu, umri wa kila mmoja, uhusiano wa kila mmoja na mkuu wa kaya, kazi ya kila aliyefanya kazi, na hesabu ya watoto wa kila mama. Makosa yanayogusa sehemu nyingi za dodoso huwa hapo. Choo, paa na redio vikikosewa, vinakosea mstari mmoja. Umri wa mama ukikosewa, unaharibu elimu ya binti, uzazi na makadirio ya vifo.

Karani anafungwa na Sheria ya Takwimu, Sura ya 351, kutunza siri ya majibu ya kaya, na majibu hayo hutumika kwa takwimu tu. Kwa hiyo hakuna sababu ya kuwa na toleo la majibu kwa ajili ya serikali na jingine kwa ajili ya nyumbani.

Mkikumbuka kosa baada ya yeye kuondoka, msilinyamazie. Karani hufanya kazi ndani ya eneo moja la kuhesabia, na kwa siku chache bado yuko mitaa ya jirani. Mtumeni mvulana kwa mwenyekiti wa mtaa, karani arudi, na mseme waziwazi: "Tulikosea swali la watoto. Ni watano." Kwake ni kazi ya dakika chache. Kwenye hesabu za taifa, marekebisho hayo hayawezi kufanywa na mtu mwingine yeyote.